Bajeti ya Kikao Kazi cha Mwaka na Namna ya Kuitetea kwa Mkurugenzi Anayebana Matumizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya maafisa utawala, wahasibu na waratibu wa miradi ambao kila mwaka hukabidhiwa jukumu la kuandaa kikao kazi cha wafanyakazi wote, kisha wakatakiwa kueleza kwa nini kigharimu kiasi hicho. Mfano unaotumika tangu mwanzo hadi mwisho ni wa shirika dogo la miradi ya maji lenye wafanyakazi 24: 16 wako makao makuu Dar es Salaam na 8 wako ofisi ya Kilosa, mkoani Morogoro. Bei za hoteli na posho ni za mfano. Weka za kwako kutoka kwenye ankara kifani ulizopokea, hesabu yenyewe itabaki ileile.

Kwa nini mkurugenzi hukataa bajeti ya kikao kazi hata kama fedha ipo?

Mara nyingi hakatai kikao. Anachokataa ni karatasi aliyoletewa, kwa sababu inaanza na jina la hoteli na kumalizika na jumla kubwa, na katikati hakuna mahali panapoeleza uamuzi gani utafanyika huko ambao hauwezi kufanyika ofisini. Tangu mwishoni mwa 2015, Serikali ya Awamu ya Tano ilipobana semina na vikao vya hotelini, wakurugenzi wengi, hata wa mashirika yasiyo ya kiserikali, wamezoea kuisoma bajeti ya namna hii kwa jicho la mkaguzi. Hilo si kosa lao. Bajeti nyingi za vikao kazi hunakiliwa kutoka ya mwaka uliopita, zikaongezwa asilimia kidogo, na makosa ya zamani yakaja nazo.

Rasimu ya namna hiyo inakuwaje?

Tuseme shirika letu la mfano limepata hoteli ya ufukweni Bagamoyo kwa siku tatu za kulala. Hoteli inatoza shilingi 165,000 kwa mtu kwa usiku, ikiwa ni pamoja na milo yote na ukumbi, hivyo watu 24 kwa usiku 3 ni shilingi 11,880,000. Usafiri, yaani basi la kukodi na nauli za watu wa Kilosa, ni 1,980,000. Posho ya kujikimu ya shilingi 50,000 kwa siku 4 kwa watu wote ni 4,800,000. Mwezeshaji wa siku 3 ni 1,200,000, fulana na mikoba ni 840,000, na vifaa vya kuandikia ni 300,000. Jumla ni shilingi 21,000,000, na dharura ya asilimia 10 inaifikisha 23,100,000.

Rasimu hii ina kasoro mbili ambazo mhasibu makini ataziona kabla hajamaliza chai yake. Ya kwanza ni kwamba ankara ya hoteli imeandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba bei haijajumuisha kodi ya ongezeko la thamani. Asilimia 18 ya 11,880,000 ni 2,138,400. Dharura yote iliyotengwa ni 2,100,000, kwa hiyo inakwisha kwa kodi hiyo peke yake na bado inapungua, kabla mtu hajaugua wala gari halijaharibika. Shirika ambalo halijasajiliwa kwa kodi hiyo haliwezi kuirejesha popote. Kwalo ni gharama kamili. Gharama halisi ya kikao hiki, basi, ni 25,238,400.

Kasoro ya pili ni posho. Hoteli imekwisha kulipwa malazi na milo mitatu, halafu mfanyakazi analipwa tena fedha ya kujikimu kwa kulala na kula. Kitu kimoja kimelipiwa mara mbili. Mkaguzi wa nje akiikuta, hatamwandikia afisa utawala. Atamwandikia mkurugenzi aliyeidhinisha. Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini kalamu yake ni nzito.

Je, posho ifutwe kabisa?

Hapana. Kanuni nyingi za fedha za mashirika huruhusu sehemu ndogo ya posho pale malazi na chakula vinapolipiwa moja kwa moja, kwa ajili ya mawasiliano, kufua nguo na mahitaji madogo. Tazama kanuni yenu inasemaje, utumie kiwango hicho bila kubuni kingine. Kama kanuni haisemi kitu, andika dokezo tofauti kuomba kiwango kiidhinishwe kwanza, mapema, badala ya kukiingiza kimyakimya ndani ya bajeti ya kikao. Waarifiwe wafanyakazi nao kabla ya safari. Kikao kikianza huku watu wakinong'onezana kuhusu posho, asubuhi ya kwanza imepotea.

Nianzie wapi kama si hotelini?

Anza na orodha ya maamuzi. Kaa na wakuu wa idara kwa saa moja, muulizane ni mambo gani lazima yaamuliwe na watu wakiwa pamoja kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza, na kila jambo liandikwe likiwa na aina ya hati itakayotoka. Kwa shirika letu la mfano orodha ilikuwa fupi: mpango kazi wa kila robo mwaka kwa kila mradi, mpango mmoja wa manunuzi unaounganisha Dar es Salaam na Kilosa, na mgawanyo mpya wa majukumu baada ya mradi mmoja kufungwa. Mambo matatu tu. Ukiona orodha imefika kumi, mengi ndani yake ni taarifa za kusomwa, na taarifa hutumwa kwa barua pepe wiki moja kabla.

Kutoka kwenye orodha hiyo ndipo siku huhesabiwa. Mpango kazi wa miradi minne ulikadiriwa siku moja na nusu, manunuzi nusu siku, majukumu nusu siku. Hizo ni siku mbili na nusu, ambazo maana yake ni usiku mbili za kulala, si tatu. Namba ya usiku inapokuwa imezaliwa na kazi, mkurugenzi akiuliza kwa nini si usiku mmoja, una jibu.

Kipi hupunguza gharama kwa kiasi kikubwa zaidi?

Usiku na vichwa. Katika rasimu ya Bagamoyo, kuondoa usiku mmoja kunaokoa shilingi 3,960,000 kabla ya kodi, wakati kufuta fulana na mikoba yote kunaokoa 840,000. Hata hivyo mijadala mingi ya kubana matumizi huishia kwenye fulana, chai ya saa nne na chupa za maji, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoonekana kwa macho. Fulana zifute kama hazina kazi, lakini usimpelekee mkurugenzi fulana zilizofutwa kama ushahidi kwamba umebana.

Bajeti iliyojengwa upya ikoje?

Shirika lilihamishia kikao Morogoro mjini, ambako watu wa pande zote mbili hufika bila kukodi basi. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 13,000. Wanaotoka Dar es Salaam wakipanda treni ya asubuhi Jumatano, kikao huanza saa nne na nusu siku hiyohiyo. Ijumaa wanakula chakula cha mchana na kurudi. Bei zote za hoteli hapa zina kodi ndani yake.

- Malazi na kifungua kinywa: watu 24 × usiku 2 × 60,000 = 2,880,000
- Ukumbi, chai mbili, chakula cha mchana na maji: watu 24 × siku 3 × 45,000 = 3,240,000
- Chakula cha jioni: watu 24 × mara 2 × 20,000 = 960,000
- Treni: watu 16 × safari 2 × 13,000 = 416,000
- Basi la Kilosa: watu 8 × safari 2 × 10,000 = 160,000
- Usafiri wa kwenda na kutoka stesheni, Dar es Salaam na Morogoro: 470,000
- Posho ya mahitaji madogo: watu 24 × usiku 2 × 15,000 = 720,000
- Mwezeshaji wa siku moja, mkazi wa Morogoro: 500,000
- Vifaa vya kuandikia: 200,000

Jumla ndogo ni 9,546,000. Dharura ya asilimia 5 ni 477,300, na jumla kuu ni shilingi 10,023,300, yaani takriban 418,000 kwa kila mfanyakazi. Dharura imeshuka hadi asilimia 5 kwa sababu kodi imekwisha hesabiwa mahali pake na nauli zinajulikana. Dharura kubwa mara nyingi ni dalili kwamba mwandaaji hakumaliza kuuliza bei.

Mwezeshaji amebaki siku moja tu, ile ya mgawanyo wa majukumu, ambapo mkuu wa idara hawezi kuwa mwamuzi wa jambo linalomhusu mwenyewe. Mpango kazi na manunuzi vinaongozwa na watumishi wa ndani wanaovijua vizuri kuliko mgeni yeyote.

Mkurugenzi atasema tukae ofisini bure. Nijibu nini?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na jibu lake ni hesabu. Kikao cha ofisini si cha bure. Watu 8 wa Kilosa lazima wafike Dar es Salaam na walale usiku 3, kwa sababu hawawezi kuondoka na kuanza kazi asubuhi ileile. Malazi yao kwa 70,000 ni 1,680,000, nauli ni 560,000, chakula cha jioni na posho yao ni 840,000. Chai na chakula cha mchana cha watu 24 kwa siku 3, kwa 20,000, ni 1,440,000. Mwezeshaji 500,000, vifaa 200,000. Jumla 5,220,000; ukiongeza dharura ya asilimia 5 inakuwa 5,481,000.

Kwa hiyo unachopaswa kukitetea si shilingi milioni 10. Ni tofauti ya 4,542,300 kati ya Morogoro na ofisini. Hoja yako yote ielekezwe kwenye tofauti hiyo: shirika linapata nini kwa hizo milioni nne na nusu? Mishahara ya siku hizo usiitumie kama hoja upande wowote, kwani inalipwa sawasawa mahali popote kikao kitakapofanyika.

Na nini kinaweza kutetea tofauti hiyo kwa haki?

Kumbukumbu za mwaka uliopita, zikiwepo. Tuseme shirika letu lilikaa ofisini mwaka jana. Siku ya kwanza watu watano walitoka ukumbini kusaini hundi, kupokea wageni na kushughulikia gari lililokwama. Siku ya pili ilivunjika saa nane mchana. Mpango kazi ulimaliziwa kwa barua pepe na ukasainiwa Machi badala ya Januari, na fedha za robo ya kwanza za Kilosa hazikutumika, ikabidi mfadhili aombwe kwa maandishi aruhusu zivukishwe. Kwa upande wa manunuzi, ofisi mbili ziliagiza mabomba na vipuri vya pampu katika mwezi mmoja bila kujuana, na lori likakodiwa mara mbili kwa 1,400,000 kila safari.

Kila jambo hapo lina karatasi: orodha ya mahudhurio, tarehe ya saini, barua kwa mfadhili, hati mbili za malipo ya lori. Viambatishe. Halafu uwe mkweli kuhusu uzito wake: safari moja ya lori iliyookolewa ni 1,400,000, haifuti milioni nne na nusu. Iliyobaki inatetewa na hatari ya kuchelewesha tena robo nzima ya kazi, na mkurugenzi ndiye mwenye mamlaka ya kusema hatari hiyo ina thamani gani. Usijaribu kuijazia kwa maneno kama kuongeza ari na mshikamano. Huenda ni kweli, lakini hayapimiki, na msomaji mwenye mashaka huanza kuyashuku hata yale yanayopimika.

Kama hamna kumbukumbu zozote na wafanyakazi wote wako jengo moja, ushauri wangu ni kukaa ofisini mwaka huu, mzime simu, na muandike kinachoharibika. Mwakani mtakuwa na hoja.

Dokezo liandikwe vipi?

Liwe ukurasa mmoja, bajeti iwe kiambatisho. Mkurugenzi aone machaguo na tofauti ya bei kabla hajafika katikati ya ukurasa. Mfano:

> KWA: Mkurugenzi Mtendaji
> KUTOKA: Afisa Utawala
> YAH: IDHINI YA KIKAO KAZI CHA MWAKA
>
> Ndugu Mkurugenzi, naomba idhini ya kufanya kikao kazi cha siku mbili na nusu kwa wafanyakazi 24. Kikao kitatoa hati tatu: mpango kazi wa robo mwaka kwa kila mradi, mpango mmoja wa manunuzi, na mgawanyo wa majukumu. Kila hati itawasilishwa kwako ikiwa imesainiwa ndani ya siku 5 za kazi baada ya kikao.
>
> Kuna machaguo mawili. Kukaa ofisini kutagharimu 5,481,000. Kukaa Morogoro kutagharimu 10,023,300. Napendekeza Morogoro, kwa sababu zilizoonyeshwa katika Kiambatisho B kuhusu kuchelewa kwa mpango kazi wa mwaka jana na manunuzi yaliyojirudia. Endapo utaona tofauti ya 4,542,300 haistahili, nitaandaa kikao cha ofisini kwa tarehe zilezile.
>
> Naomba maelekezo yako.

Sentensi ya kabla ya mwisho ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Inampa mkurugenzi nafasi ya kukataa Morogoro bila kukataa kikao, na inaonyesha kwamba anayeomba hajaifunga roho yake kwenye hoteli.

Fedha itoke kifungu gani?

Kabla ya dokezo kupanda, mhasibu athibitishe kifungu. Kikao kinachohusu miradi minne hakiwezi kubebwa chote na mradi mmoja kwa sababu tu ndio wenye salio. Mfadhili wake ana haki ya kukataa gharama hiyo wakati wa ukaguzi, na hapo shirika hulipa kutoka mfukoni mwake. Gawanyeni kwa kigezo kinachoelezeka, kwa mfano idadi ya wafanyakazi wa kila mradi, na kigezo hicho kiandikwe kwenye dokezo. Mradi ambao bajeti yake iliyoidhinishwa haina kifungu cha mikutano usichangie mpaka mfadhili akubali kwa maandishi.

Ankara kifani tatu zinatosha?

Zinatosha kama zinalinganishika. Hoteli moja hutoa bei kwa kichwa na kodi ndani, nyingine bila kodi, ya tatu hutoza ukumbi na projekta kando. Ziandikeni upya zote kwa kipimo kimoja: shilingi kwa mtu kwa siku, kodi ikiwemo, ukumbi ukiwemo. Ndipo ile iliyoonekana rahisi hugundulika kuwa ya pili.

Muulize kila mwenye hoteli kuhusu idadi ya uhakika, yaani idadi ambayo mtalipia hata wasipofika. Kwa watu 24, ombeni idadi ya uhakika iwe 22, na mpandishe siku mbili kabla. Wawili wakiugua, mnakuwa hamjalipia vitanda vitupu. Tarehe nazo zina bei: katikati ya wiki huwa kuna nafasi ya kujadiliana, na Dodoma wakati wa Bunge la bajeti si mahali pa kutafuta vyumba vya bei nafuu.

Mwezeshaji akatwe kodi?

Ndiyo, kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mtoa huduma mkazi. Kwa malipo ya 500,000 unazuia 25,000, unamlipa 475,000, na ile 25,000 inawasilishwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mkubaliane kwa maandishi kwamba 500,000 ni kabla ya makato, kwa sababu ugomvi wa jambo hili hutokea siku ya malipo, ukumbini, mbele za watu.

Mkurugenzi ameandika kando ya dokezo: "Punguza nusu." Nifanye nini?

Usipunguze kila kifungu kwa asilimia 50. Utapata kikao kibovu kwa bei ya nusu. Rudi kwenye orodha ya maamuzi, umuulize ni lipi liondoke. Kwa mfano, mgawanyo wa majukumu ukiondolewa na kufanyika ofisini kwa wakati wake, mwezeshaji hahitajiki na siku zinakuwa mbili, usiku mmoja. Njia ya pili ni kupunguza washiriki: mpango kazi uandaliwe na watu 12 wanaosimamia bajeti, wengine wapokee rasimu na kuitolea maoni kabla haijasainiwa. Ukichagua njia hii, usiwaondoe madereva na wahudumu peke yao kwa sababu hawana wa kuwasemea. Ama kigezo ni kusimamia bajeti na kinawahusu wote, ama hakuna kigezo.

Baada ya kikao ninatakiwa kurejesha nini?

Masurufu yarejeshwe ndani ya muda wa kanuni yenu, yakiwa na risiti za EFD zenye jina na TIN ya shirika, orodha ya mahudhurio iliyosainiwa kila siku, na orodha ya malipo ya posho iliyosainiwa na kila mpokeaji. Tiketi za treni na mabasi zikusanywe siku watu wanapofika. Ukingoja wiki moja zitakuwa zimefuliwa pamoja na suruali. Kwenye taarifa ya fedha onyesha kila kifungu kilivyokadiriwa na kilivyotumika, na salio la dharura lisilotumika lirudishwe benki, hati ya kuweka fedha ikiambatishwa.

Pamoja na hayo, wasilisha zile hati tatu ulizoahidi, kila moja ikiwa na tarehe na saini. Iliyochelewa itajwe kuwa imechelewa, na jina la anayeimalizia. Nakala ya faili hiyo yote ihifadhiwe mahali ambapo atakayeandaa kikao kijacho ataipata, hata kama wakati huo utakuwa umehamia idara nyingine.